Malaika wa Nyumba za Reli

Mwaka wa 1984 Selpha alikuwa akihoji watu wa Voi kwa ajili ya utafiti, na siku hiyo wanaume waliojifanya malaika walikuwa wamemchosha. Wanaume kumi na saba wa nyumba za reli walikana katakata kwamba wamewahi kuwapiga wake zao. Kisha akawasomea kisa: mume fulani ametoka kazini, akakuta chakula hakijaiva, akampiga mkewe. Je, alikosea?

Kumi na wanne walisema hakukosea. Mmoja aliongeza, "Mkanda unatosha." Selpha hakuruhusiwa kubishana, kwa hiyo aliandika huku akisaga meno.

Adhuhuri alirudi nyumbani akamsomea mumewe Okoth kisa hicho hicho, angalau asikie jibu la maana.

"Hakukosea," Okoth alisema, macho gazetini. "Na chakula chetu kimeiva?"