Lukresia Hakuachia

Kwa miaka kumi na minne Lukresia alideki zahanati ya kijiji chao, upande wa Mbuji, na kwa miaka yote hiyo watu walimpita pale mlangoni kama wanavyopita nguzo. Walimwita mama wa ndoo. Hakukasirika. Ndoo ilimsomeshea watoto watatu tangu mumewe alipofariki, na ilisaidiana vizuri na kishamba chake cha kahawa kilichoning'inia kwenye mteremko.

Lakini nguzo haina masikio, naye alikuwa nayo. Muuguzi Aurelia, aliyekuwa na dhamana ya zahanati, alikuwa na sauti ya kwaya, na alipowaelekeza wazazi jambo, lilisikika mpaka jikoni kwa majirani. Lukresia alideki huku anasikiliza. Kila mwaka, ikifika Juni na ule upepo mkavu wa baridi unaokausha midomo na pua, wazazi walileta watoto wanaotoka damu puani, na kila mwaka Aurelia alirudia maneno yaleyale mpaka mdekaji wake angeweza kuyasema usingizini.

Jumamosi moja ya Julai Aurelia alivuka bonde kwenda kuchanja watoto wa kitongoji cha mbali. Alimwachia Lukresia funguo na agizo moja: "Akija mgonjwa, nipigie. Dawa usimpe mtu."

Saa nne na dakika chache geti lilisukumwa kwa kishindo. Aliingia Mzee Kilian, mwenye shamba kubwa kuliko yote ng'ambo ya mto, akiwa amembeba mjukuu wake Jackie, msichana wa miaka saba. Nyuma yake alikimbia Vitalia, mama wa mtoto, mikono imejaa utomvu wa kahawa mbivu. Kichwa cha Jackie kilikuwa kimelazwa nyuma kwenye bega la babu, uso umefunikwa kitenge, na kitenge kimelowa. Nywele nazo zilikuwa zinachuruzika maji. Walikuwa wamemmwagia ndoo nzima utosini.

"Shikamoo, Mzee," alisema Lukresia, ufagio bado mkononi.

"Muuguzi yuko wapi?"

"Amekwenda kwenye chanjo. Mkalishe mtoto, Mzee. Asiangalie juu."

"Sikukuuliza wewe."

Wakati huo Jackie akakohoa, akajikunja, akatapika damu nyeusi yenye mabonge kwenye koti la babu yake. Vitalia akapiga kelele. Mzee Kilian, kwa hofu, akamlaza tena kichwa nyuma.

Lukresia aliweka ufagio ukutani. Alijua yeye ni nani na mzee yule ni nani. Alinawa, akavaa glavu mpya kutoka kwenye boksi, akachukua beseni dogo, akamchomoa mtoto mikononi mwa babu yake kabla mzee hajajua la kufanya.

"Anatapika kwa sababu anaimeza," alisema. "Kichwa kikienda nyuma, damu haikomi. Inageuza njia tu, inashuka kooni. Inaweza hata kumpalia."

Alimkalisha Jackie kwenye benchi, mgongo wima, akamwinamisha mbele kidogo juu ya beseni. Alitoa majani yaliyokuwa yamesokotwa nyumbani na kusukumwa kwenye tundu moja la pua. Yalikuwa yametokeza nje, yakaja bila kuvutwa kwa nguvu. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada akaibana pua, matundu yote mawili, si juu kwenye mfupa, bali chini, pale palipo laini, akakaza.

"Pumua kwa mdomo, mama. Hivyo. Damu ikija mdomoni iteme hapa, usimeze. Hujakosea kitu."

Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi na tatu.

"Wewe mwanamke," Mzee Kilian alisema, "wewe kazi yako ni kudeki. Mjukuu wangu haguswi na mfagiaji. Hata mimi nilipokuwa mtoto tulilazwa chali, tukamwagiwa maji, tukapona."

"Mlipona, Mzee. Lakini mlipona pamoja na maji, si kwa sababu ya maji."

Watu wawili waliokuwa wakipita walishasimama dirishani. Mmoja akacheka. Shingo ya mzee ikavimba.

Baada ya dakika tatu alisema, "Achia tuone kama imekata."

"Hapana."

"Nimesema achia!"

"Nikiachia, kile kibonge kinachoanza kuziba kinatoka, tunaanza upya. Dakika kumi, Mzee, bila kuchungulia. Ukitaka kunipiga, nipige, lakini nipige mgongoni, mkono huu una kazi."

Hakumpiga. Alizungukazunguka chumba kama jogoo aliyefungiwa, akatoka nje, akarudi. Dakika kumi ni ndefu sana kwa mtu anayemshika mtoto wa mwenzake. Vidole vya Lukresia viliingia ganzi. Jackie alipumua kwa mdomo, machozi yakimdondoka, mikono yake midogo imeng'ang'ania sketi ya mama yake.

Dakika kumi zilipotimia, Lukresia akaachia polepole. Damu ikaja tena, nyembamba, bila haraka. Akabana upya mahali palepale.

"Kumi nyingine."

Safari hii alimwita Vitalia akaketi, akamvalisha glavu, akamwonyesha. "Weka vidole hapa chini ya mfupa. Kaza. Usiachie hata akilia." Vitalia alibana, na mkono wake ulipotulia, Lukresia alipata nafasi ya kumtazama mtoto vizuri. Hapo ndipo aliposhtuka. Miguu ya Jackie ilikuwa na mabaka ya zambarau, mengine mabichi, mengine yanageuka njano. Mengine yalikuwa mapajani, mahali ambapo mtoto hajigongi akicheza.

"Haya yametoka wapi?"

"Sijui, dada," Vitalia alinong'ona. "Yanatokea tu, tangu mafua ya mwezi uliopita yaishe. Na damu hii ni mara ya nne wiki hii. Akipiga mswaki pia inatoka. Baba mkwe alisema ni joto la mwili."

Dakika kumi za pili zilipokwisha, pua ilidondosha tone moja, kisha kimya. Mzee Kilian alipumua.

"Si hiyo imekata? Vitalia, mchukue mtoto. Kahawa inachacha kule."

Lukresia hakutazama pua. Alitazama koo. Jackie alimeza. Akameza tena. Na tena, kama mtu anayekunywa.

"Fungua mdomo, mama."

Nyuma kabisa, juu ya koromeo, uzi mwekundu ulikuwa unateremka. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka na viganja vyake vimekuwa vya baridi.

Alimpigia Aurelia. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu akampata, akamweleza kwa maneno machache: dakika ishirini za kubana, bado inashuka kooni, mara nne kwa wiki, mabaka, fizi.

"Hospitali," Aurelia alisema. "Sasa hivi. Wasisubiri nirudi. Nawapigia huko wajue anakuja. Endeleeni kubana njiani, akae mbele, asilale."

Mzee Kilian alikuwa amekwishamshika mjukuu mkono. "Damu ya pua haipeleki mtu hospitali ya Litembo. Tunakwenda nyumbani. Kuna mama mmoja anajua mizizi."

Lukresia alikwenda akasimama mlangoni. Hakuwa mwanamke mkubwa. Mlango ulibaki na nafasi kila upande wake.

"Ya kawaida haimpeleki mtu Litembo, kweli," alisema. "Ya kawaida unabana dakika kumi, inakata, mtoto anakwenda kucheza, unamwambia tu asichokonoe wala asipenge kwa nguvu. Hii si ya kawaida. Imepita dakika ishirini. Ni mara ya nne wiki hii, na mwili unavilia damu bila kugongwa. Kwa mlango huu anatoka kwenda hospitali tu, Mzee. Kwingine utanikanyaga kwanza."

"Nitakushtaki!"

"Nishtaki. Ofisi ya kijiji unaijua."

Ni Vitalia aliyemaliza. Aliyekuwa hajawahi kumjibu baba mkwe wake alimwinua mtoto, vidole vyake vimebana tena pua, akasema, "Baba, nisamehe. Nakwenda." Lukresia alimpisha, akamwita Xavery wa bodaboda aliyekuwa kati ya watazamaji. Mtoto akaketi katikati, ameinamia mgongo wa dereva, mama nyuma yake, mkono mmoja kiunoni na mwingine puani.

"Xavery, mashimo uyajue leo," alisema Lukresia.

Wakaondoka. Alibaki peke yake na sakafu. Alideki damu, akadeki tena mahali pasipo na damu. Kama nimekosea, aliwaza. Kama wakifika huko wakaambiwa ni kitu kidogo, nitauweka wapi uso wangu? Alijibu mwenyewe: nitauweka hapahapa ulipo.

Simu ya Vitalia iliingia saa nane. Walikuwa wamemziba pua kwa shashi ya dawa, damu ikasimama. Walipopima, chembe zinazosaidia damu kuganda zilikuwa chache mno. Daktari alisema huwapata watoto wengine baada ya mafua, mwili unajishambulia wenyewe, na wengi wao hupona. Lakini mtoto alazwe, aanze dawa, aangaliwe. "Daktari ameuliza nani alibana," Vitalia alisema. "Nimemwambia."

Mzee Kilian alishtaki kweli, Jumatatu, mjukuu angali wodini. Ijumaa ofisi ya kijiji ilijaa. Mwenyekiti Isidori alisoma malalamiko: mfagiaji kujifanya mganga, na kumzuia mzee kutoka na mjukuu wake.

Lukresia alisimama na kanga yake ya kanisani.

"Shikamoo, Mzee Kilian. Kwa kukupandishia sauti mbele za watu, naomba radhi. Wewe ni mkubwa wangu." "Kwa kubana pua, siombi. Sikumpa dawa. Sikumchoma sindano. Nimemkalisha, nimemwinamisha, nimembana, nikapiga simu. Hayo hayahitaji cheti, yanahitaji vidole viwili. Na kwa kusimama mlangoni, siombi pia."

"Ukiambiwa usirudie?" aliuliza mwenyekiti.

"Nitarudia. Muuguzi akiwa hayupo na mtoto akaletwa ameangalia juu, nitarudia, hata awe mjukuu wako, Mwenyekiti. Mnifukuze kazi, nitambana barabarani."

Aurelia, aliyeketi benchi la nyuma, akasema kwamba hakuna kosa aliloliona, na kama lipo, aandikwe yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa miaka yote. Watu wakacheka. Mwenyekiti alifunga daftari lake bila kuandika kitu.

Mzee Kilian hakusema samahani, wala hakuna aliyeitegemea. Alikaa akitazama fimbo yake mpaka watu wakaanza kutoka chumbani. Kisha aliinuka, akampita Lukresia, akasimama, akauliza bila kumtazama:

"Hapo pa kubana. Ni chini ya mfupa?"

"Chini, Mzee. Palipo laini."

"Dakika kumi."

"Kumi kamili. Bila kuchungulia."

Mzee aligusa pua yake mwenyewe kwa vidole viwili, akabana kidogo kama mtu anayejaribu, akashuka ngazi kuelekea shambani.