Nani Aliyekufukuza?

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia kwenye benchi. Asubuhi ile kwenye ofisi ya kazi, katikati ya Mwanza, nilikaa, nikasimama, nikatoka nje kuangalia barabara, nikarudi. Nilikuwa na swali moja tu: mwajiri wangu anaweza kunifanyia hivi?

Wenzangu wa foleni walinijibu kabla sijaitwa. Mwalimu mmoja alisema hawezi, mpaka barua zipite ngazi zote. Kuli wa bandarini akasema anaweza, tena bila hata kukuangalia usoni, kwani yeye yalishamkuta. Kila mmoja alijibu kwa kazi yake. Mimi nikachukua jibu la mwalimu kwa sababu ndilo lililonifurahisha.

Afisa kazi alikuwa mama wa Kihaya, mzungumzaji wa taratibu mno. Nilimwamkia, akaitikia, nikamtupia swali langu hata kiti sijakikalia vizuri.

"Kazi yenyewe iko nchi gani?" akauliza.

Damu ilinichemka. Nina sura ya mgeni mimi?

"Hapa hapa Mwanza, mama. Kiwanda cha samaki, nakata minofu."

"Usikasirike. Ziwa hili lina nchi tatu. Juzi nilikuwa na mtu aliyefukuzwa Kisumu, na mimi sheria ya Kisumu siisimamii. Wewe ni kibarua?"

"Wote pale tunaitwa vibarua."

"Sijauliza mnaitwaje. Nani anakulipa, na unalipwa lini?"

Nilimwambia kiwanda chenyewe, kila mwisho wa mwezi, na nimepitisha mwaka pale. Akaandika. Akasema kibarua hulipwa jioni na mkataba wake unaisha jioni hiyo hiyo. Mimi sikuwa huyo, na hilo lilibadilisha mambo mengi. Nikaona nimeshashinda.

"Haya, nani amekufukuza?"

"Mlinzi wa getini. Aliniambia nisiingie. Jana yake nilikuwa nimegombana na msimamizi kwa ajili ya gambuti zilizotoboka, maji ya barafu yanaingia mpaka vidole vya miguu vinakufa ganzi."

"Mlinzi ana mamlaka ya kufukuza?"

Nikaanza tena habari za gambuti, akanikatiza.

"Nani alimtuma? Afisa utumishi alikuambia nini?"

Sikuwa nimemwona afisa utumishi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Mkuyuni nikiwa nimefura, nikakaa huko nikisubiri wanifuate kuniomba radhi. Yule mama akaweka kalamu chini. Alisema mpaka hapo hajui kama mwajiri amefanya lolote, ila anajua mimi sijaonekana kazini, na kiwanda kinaweza kusema nimetoroka. Nirudi sasa hivi, nijitokeze kazini mbele ya shahidi, niulize nimekatazwa na nani, kwa sababu gani. Nikishajua, nije.

Nilitoka pale nikiwa na hasira na yeye, na msimamizi, na mwalimu wa watu. Niliogopa pia. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimnunulia mama yangu dawa, na nilikuwa karibu kuiachia mwenyewe kwa kununa.

Getini nilimkuta mlinzi yule yule, mzee wa Kisukuma. Sikumwamkia. Nilisema kwa sauti, wanawake wa zamu ya mchana wakisikia, kwamba nimekuja kazini na namtaka afisa utumishi. Afisa huyo alipotoka, akanitazama kwa mshangao.

"Si umeacha kazi wewe? Msimamizi wako ameleta taarifa."

"Nilizuiwa hapa hapa."

"Na nani?"

Nikamgeukia mzee. Angeweza kusema hakumbuki. Watu wengi wangesema hivyo. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Msimamizi ndiye aliyeniagiza nimzuie," akasema. "Huyu binti alikuja kazini, bwana. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Afisa utumishi akaniambia niingie nivae, mambo mengine tutayazungumza kesho. Niliingia karibu nikikimbia. Sikumshukuru mzee, nilikuwa nawaza meza yangu.

Siku iliyofuata getini alikuwepo mlinzi mwingine. Jioni nilimkuta yule mzee ng'ambo ya barabara, amevaa shati la nyumbani, ananingoja. Nilimwamkia safari hii.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nisirudi pale. Wewe umefika kwa wakubwa, niambie. Mwajiri anaweza kunifanyia hivi?"

Neno "hawezi" lilikuwa tayari mdomoni, limeiva kabisa. Nilitaka kumpa, kama mimi nilivyopewa kwenye benchi. Nikalimeza.

"Mzee, mwajiri wako ni nani? Kiwanda?"

"Hapana. Ni hawa wa ulinzi, wanatuleta asubuhi na gari."

"Na nani amekuambia usirudi?"

Akafikiri. "Dereva," akasema.

Nikamwomba aje nyumbani tule, na asubuhi, kabla gari halijapita, twende wote kituoni kwa hao wa ulinzi, akajitokeze kazini mbele yangu.