Barua ya Mwanangu ya Kuuliza Nyaraka Zipi Zinatakiwa

"Barua ya mtendaji ingetosha, dada. Cheti cha kifo hatukuwa na haja nacho. Ila sasa tumeshafunga kupokea maombi."

Ndivyo ilivyosema sauti ya kijana wa ofisi ya ufadhili. Binti yangu alikuwa ameweka spika ili nami nisikie. Tulikuwa nje ya mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani ninapofanya kibarua cha kupepeta, pumba zimenijaa mpaka kwenye nyusi.

"Samahani, kaka," binti akauliza, "ingetosha yenyewe tu?"

"Yenyewe tu. Mbona hamkuuliza mapema?"

Akamshukuru. Mtu kakufungia mlango, unamwambia asante. Nilitaka nimpokonye simu nimtukane yule kijana, lakini nilikuwa nimechoka, na ukishachoka hivyo hata tusi halipandi. Akakata simu, akakaa juu ya gunia, akaanza kuniomba msamaha. Mimi! Aniombe msamaha mimi, kwa kosa gani?

Nieleze ilivyokuwa. Darasa nililoishia ni la nne, kwa hiyo nitaeleza kwa namna yangu.

Baba yake alifia shambani, ng'ambo ya mto. Watu wa bonde hili wanajua maisha yetu: mvua zikianza tunahama na masufuria na watoto, tunakaa vibandani kuamia ndege wasile mpunga, mpaka uvunwe. Mwaka ule homa ilimkamata wakati maji yameshakata njia. Alipokata roho hatukuwa na zahanati, mtendaji wala padri. Tulimzika kwenye kichuguu, maana ndipo palipokuwa pakavu. Sisi tuliobaki wavuvi walituvusha kwa mtumbwi hadi Kivukoni, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Daraja halikuwepo bado. Kibali cha mazishi ningekiomba kwa nani, kwa mamba?

Mtoto akakua, akasoma, akafaulu. Akachaguliwa chuo cha uuguzi. Ada sina, na chuo hakimshikii mtu nafasi asiporipoti. Ndipo alipoliona lile tangazo la ufadhili kwenye ubao wa shule yake ya zamani. Alilipiga picha kwa simu ya mwenzake yenye kamera akaja kunisomea. Lilitaka waombaji waliofiwa na mzazi waambatishe "nyaraka muhimu za kuthibitisha hali ya familia."

"Nyaraka zipi?" nikauliza.

"Hawajasema, mama."

"Soma tena."

Akasoma tena. Hawakusema. Chini walikuwa wameandika kwamba maombi yasiyokamilika hayatapokelewa, na kwamba mwenye maulizo aulize kwa maandishi. Namba ya simu hawakuweka. Sasa wewe uliyeandika tangazo hilo, ulikuwa unamwandikia nani? Mtu ambaye tayari anajua?

Nikaenda ofisi ya wilaya kutafuta cheti cha kifo, kwa kudhani ndicho wanachotaka. Nilimkuta dada mmoja dirishani, kucha ndefu, anabonyeza simu.

"Marehemu alifia hospitali gani?"

"Shambani."

"Nani alithibitisha kifo?"

"Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Akacheka kidogo. "Mama, wewe siyo daktari. Kalete kibali cha mazishi. Kama hakuna, anza na mtendaji wa kijiji alikofia, akuandikie, halafu kuna kiapo cha mahakamani."

Kijiji chenyewe mtendaji aliyekuwepo alishahamishwa. Nilikwenda mara ya kwanza nikakuta ofisi imefungwa. Nilipokwenda tena, mtendaji mpya akaniambia yeye hawezi kuandika kifo asichokijua. Nikarudi na miguu imevimba.

Binti akasema, "Mama, tusihangaike na kitu ambacho labda hawakitaki. Ngoja niwaulize."

Akaandika barua. Alinisomea, na nilijivuna, kwa kweli. Aliwaeleza kwamba baba yake alifariki shambani na hana cheti. Akauliza: je, barua ya mtendaji wa kata itatosha, au lazima cheti cha kifo? Na kama ni cheti, je, kiapo kinaweza kukaa mahali pake? Barua fupi, safi. Juu, chini ya anwani ya ofisi ya ufadhili, akaandika "Kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata." Ndivyo walivyofundishwa shuleni: barua ya kiofisi hairuki, inapita kwa mkubwa wa mahali unapoishi, naye anagonga muhuri kwamba anakutambua. Huku kwetu ukiruka unaonekana huna adabu, na barua yako inaweza kurudishwa. Mimi mwenyewe nilimwambia amefanya vizuri.

Tukaipeleka kwa mtendaji wa kata yetu. Binti akaamkia shikamoo, akapokea marahaba. Mtendaji akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa.

"Hii ni barua ya kuuliza."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mimi napitisha nini? Barua ya kuomba napitisha. Ya kuuliza, nitathibitisha kwamba kweli umeuliza?"

Mgambo aliyekaa mlangoni akaangua kicheko. Mtendaji naye akafurahi kuchekewa.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, gonga muhuri tu iende."

"Mama, muhuri siyo mchi, useme unatwanga tu. Iacheni, nishauriane na wenzangu."

Ikaachwa. Tukirudi tunaambiwa yuko kikaoni, mara yuko kwenye ziara ya mkuu, mara kafunga kabati kaondoka na funguo. Siku tuliyompata alisema anaogopa wakubwa wakiisoma wataona kata yake haijui kuelekeza wananchi. Nikamwambia, "Basi tuelekeze wewe." Akaanza kupanga makaratasi. Nikamwambia turudishie tuiandike upya bila kupitia kwako. Akasema haiwezekani, imeshaingia kwenye faili, na kuandika nyingine ni kumruka yeye.

Na wakati huo wote, hiyo barua ya mtendaji ambayo ingetosha, mwenye kuiandika alikuwa ndiye huyohuyo! Tulikuwa tumesimama mbele yake. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Tungejua, tungemwomba hiyo, na hiyo anaijua, huwaandikia watu kila siku.

Mwisho akaigonga, akaituma kwa posta. Ilipofika kule, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Yule kijana alipiga simu kwa sababu binti alikuwa ameandika namba yake, na akasema, kwa sauti ya kutusaidia kabisa, kwamba wao hata hawahitaji barua ipitie kwa mtu. Hilo nalo tangazo halikusema.

Chuo wameshampa nafasi yake mtu mwingine. Binti sasa anashinda na mimi kwenye mashine, anapepeta. Juzi nilimsikia akimwambia mwenzake, "Nilikosea mwenyewe, ningeituma moja kwa moja."

Hapo ndipo nilipoamua niseme. Wewe wa ofisi ya ufadhili uliyeandika "nyaraka muhimu" ukaona inatosha, sikujui jina, lakini kazi yako naijua. Wewe mtendaji, unajua ninavyokujua, tunasali kanisa moja. Nyie wawili ndio mliomkosesha. Sitaki pole. Nataka mmoja wenu aje hapa kwenye mashine, mchana, watu wakiwepo, amwambie binti huyu mbele yangu kwamba hakukosea yeye. Ni nani kati yenu atakayekuja?