Hesabu ya Shangazi Maulida

Mzenga nzima inajua kwamba Shangazi Maulida hawatazamii bahati watu wa nje. Karata zake ni za watoto wa kaka yake tu, na kwa karata hizo amewapangia maisha kuliko baba yao alivyowahi kuwapangia. Hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote kuwa hakimu. Alitandika mkeka, akaketi, wakamwogopa.

Jumapili ile Firdausi alikuwa amekuja kutoka Tangini, Kibaha, alikoolewa. Tatu, mdogo wake, ndiye anayeishi na shangazi: anamlimia, anampikia, anamtia dawa ya macho asubuhi na jioni. Tatu alikuwa na jambo. Recho, rafiki yake aliyesoma naye, anashona sare za shule Mbagala, na cherehani ya pili imekaa bure. Recho alitaka jibu siku hiyo hiyo, la sivyo angemchukua mtu mwingine.

"Aanze mkubwa," shangazi alisema.

Alishaondoa karata ndogo zote, kuanzia mbili hadi sita. Bibi wa kopa, karata ya mwanamke aliyeolewa, akamlaza peke yake. Firdausi akachanganya zilizobaki huku akiwaza swali lake, akakata kwa mkono wa kushoto. Shangazi akapanga ishirini za juu, zikafanya duara pamoja na bibi.

"Bibi ndiye moja," alisema, akahesabu kuelekea kulia. Ya saba akaisoma. Hiyo nayo ikawa moja, akahesabu tena hadi saba. Akaendelea hivyo, akazunguka duara mara mbili, hadi kidole kikamrudia bibi. Karata sita zilikuwa zimesomwa, miongoni mwake mgeni, homa ndogo, ugomvi na wifi.

"Wifi yupi?" Firdausi aliuliza.

"Unao wangapi wenye mdomo?"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho siku hiyo.

Tatu alipewa bibi wa maua, wa msichana asiyeolewa. Akachanganya, akakata. Shangazi alipomaliza kupanga alilitazama duara kwa muda mrefu, kisha kidole chake kikamruka bibi na kuanza moja kwenye karata iliyofuata.

"Tisa ya shupaza. Msiba." Akahesabu tena, akiiruka na hiyo. "Kumi ya shupaza. Njia imefungwa." Akahesabu mara ya tatu, akamfikia bibi. "Basi. Mpigie huyo Recho, mwambie huendi."

Tatu hakushika simu. "Mbona yangu imefunga kwa karata mbili? Dada kasomewa sita."

"Karata zimechoka."

"Bibi hukumhesabu, Shangazi."

"Unanifundisha? Mimi niliyekufuta kamasi?"

Tatu akainama, akaweka kidole juu ya bibi. "Moja," alisema, akaenda hadi saba. Kumi ya maua: safari. Akaendelea. Nane ya kopa, ghulamu wa uru mwenye habari njema, kisha saba ya shupaza.

"Machozi hayo," shangazi alisema upesi. "Umeyaona? Machozi."

"Nimeyaona." Akazidi kuhesabu. Ree ya maua, kazi. Tisa ya kopa, kupata ulichoomba. Kisha bibi.

Shangazi alizivuruga karata kwa kiganja. "Nenda basi. Nenda ukalale sakafuni kwa huyo Recho. Radhi yangu huipati."

Angekuwa tapeli tu, ningemsamehe upesi. Lakini aliziamini karata zile kwa moyo wote. Aliiona safari ya binti imelala pale wazi, akairuka kwa kidole, kwa sababu alitaka mtu wa kumchotea maji.

 Sasa Firdausi akauliza taratibu, "Na yangu ya ndoa? Ulisema shule haina mwisho mwema, Badru ana nyota. Ulihesabuje siku ile?"

"Yamepita hayo."

"Nauliza ulihesabuje."

"Baba yako alishakula posa," shangazi alisema. "Ulitaka nihesabu vipi?"

Firdausi aliingia chumbani, akatoka na begi la mdogo wake na khanga mbili zilizokuwa kwenye kamba. "Utalala kwangu Tangini leo. Kesho utakwenda Mbagala."

"Na dawa yangu ya macho?" shangazi aliuliza. "Nani atanitia?"

Tatu alimtia palepale, jicho la kulia, kisha la kushoto, akafunga kichupa na kukiweka karibu na mkono wake.

"Nitamwomba mke wa Shomari hapo jirani apite jioni," alisema. "Shikamoo, Shangazi."

Shangazi Maulida alifumba macho, dawa ikimtiririka shavuni, akakataa kuitikia.