Mfalme Mwenye Shoka

Mzee aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi kuwakagua wafalme. Msicheke. Kulikuwa na kiwanda kikichapa karata za kuchezea, na yeye alikuwa mkaguzi wake. Karatasi kubwa zilipotoka kwenye mashine, kabla hazijapelekwa kwenye kisu, zilipita mbele ya macho yake. Mfalme aliyepinda pua, malkia aliyekosa ua mkononi, ghulamu aliyevikwa taji badala ya kofia, wote aliwarudisha kwa mpigo mmoja wa penseli nyekundu. Kiwandani walimwita Mzee Macho. Nyumbani mkewe, fundi cherehani, alimwita baba watoto, na akimkasirikia alimwita Mkaguzi.

Sasa kiharusi kilikuwa kimempiga. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Maneno yalimtoka yote, likabaki moja: "Ndiyo." Ukimuuliza una njaa, ndiyo. Umeshiba, ndiyo. Mimi ni mkeo, ndiyo. Mimi ni mtungi wa maji, ndiyo vilevile, jamani, tena kwa uso wa mtu mwenye uhakika. Mkewe alicheka mara ya kwanza, kisha akatoka nje kwenye korido akalia mpaka kanga ikalowa.

Na juu ya hayo, mguu. Kisukari kilikuwa kimeula mguu wa kulia kuanzia vidoleni, na weusi ulikuwa unapanda. Daktari, kijana mpole mwenye kuongea taratibu, aliwaita mama na watoto wake wawili pembeni.

"Tusipoukata, sumu itaingia mwilini na tutampoteza," alisema. "Tukiukata ana nafasi nzuri. Lakini siwezi kumkata mtu bila kujua anataka nini, na yeye ananijibu ndiyo kwa kila kitu. Nyinyi mnamjua. Nipeni jibu kesho asubuhi."

Walimjua, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mwana mkubwa, dereva wa lori, alikumbuka baba alivyosema siku walipomzika jirani aliyekatwa mguu: mimi nizikwe mwili mzima. "Alisema kwa mdomo wake, mama. Tumheshimu." Binti, mwenye saluni, akamjia juu: "Alisema akiwa na miguu miwili! Nani hasemi hivyo akiwa na miguu miwili?" Wakabishana mpaka mlinzi akawaomba wakabishanie getini.

Mama yao alimtaka mumewe hai, hata angekuwa kiwiliwili tu, na aliiogopa tamaa hiyo yake. Aliogopa kwamba angemjibia alichokitaka yeye, halafu mzee aamke bila mguu amwangalie kwa macho yale, asiwe na hata neno la kumlaumu.

Asubuhi alikuja na bahasha kutoka kabati la nyumbani. Ndani yake mlikuwa na karata za majaribio, zile zilizochapwa picha peke yake, kabla ya bamba la mwisho kuongeza herufi na alama pembeni. Kumi na mbili: wafalme wanne, malkia wanne, maghulamu wanne. Hakuna cha kukuambia huyu ni wa shupaza au wa kopa, wa uru au wa pau. Hata rangi haisaidii, maana wote wamevaa nyekundu, njano, bluu na nyeusi, awe wa kundi jeusi au jekundu. Anayewajua ni yule tu anayejua desturi yao.

Alizimwaga kifuani kwa mumewe. Mzee alizitazama. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kutembea.

Nesi wa zamu akasimama kuangalia. Mzee alipanga safu nne juu ya shuka, kila safu mfalme, malkia, ghulamu. Alifanya polepole, akizisukuma kwa kidole gumba kama mtu anayefagia makombo. Mwana mkubwa alipomwona akimweka juu ya safu ya pili mtu mwenye ndevu lakini hana masharubu, alinong'ona, "Huyo si mfalme bwana. Kachanganya."

"Ni mfalme," alisema mama yake. "Ana taji. Wafalme wote wana masharubu isipokuwa huyo wa kopa. Ndivyo walivyo."

"Kwa nini?"

"Muulize aliyemchora, alishakufa."

Nesi akaenda kwenye droo ya chumba cha zamu, akarudi na karata zake za kawaida, zenye alama. Zilikuwa zimechakaa, zinanata, lakini picha ni zilezile. Akaanza kulinganisha moja moja. Mfalme anayetazama upande, jicho moja tu linaonekana, ana shoka: ni wa uru, na mzee kamweka na uru. Maghulamu wawili wanaotazama upande vilevile, mmoja wa shupaza, mmoja wa kopa mwenye jani mkononi: sawasawa. Malkia wote wameshika ua, lakini mmoja ana fimbo ya enzi pia: wa shupaza. Sawa. Nesi alifika mwisho, akatazama karata, akamtazama mzee.

"Amebahatisha?" aliuliza, ingawa sauti yake haikuamini.

Mama alingoja mzee ageuke dirishani, akabadilisha ghulamu wa pau na ghulamu wa uru, wale wawili wanaofanana kuliko wengine wote. Mzee alipogeuka tena alikunja uso. Akaguna. Akawarudisha kila mmoja mahali pake, kisha akampiga mkewe kofi dogo kwenye vidole, kofi la mtu anayemkuta mwanagenzi amelala kazini. Binti akapiga ukelele akajifunika mdomo. Yumo! Baba yumo ndani!

Sasa kazi ikawa kumuuliza. Maneno hayakutosha, maana yaliingia nusu na kutoka yote ndiyo. Lakini picha alikuwa nazo. Mama akachukua wafalme wawili. Akamwonyesha wa uru, mwenye shoka, akauonyesha mguu mweusi, akafanya ishara ya kukata. "Huyu, wanakata. Unabaki nasi." Akachukua wa kopa, ambaye upanga wake umepita nyuma ya kichwa, hata kiwandani wachapaji walimwita mfalme anayejiua. Akamwonyesha, akaufunika mguu kwa shuka, akafumba macho yake mwenyewe. "Huyu, hawakati. Tunaagana."

Akaziweka mbili kwenye shuka. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukainuka, ukaangukia mfalme wa kopa.

"Umeona?" mwana mkubwa alisema. Alikuwa ameshinda, na machozi yakamshuka papo hapo. "Umeona, mama? Nilikwambia."

Mama alikaa. Binti alikuwa amegeukia ukuta. Nesi akaanza kuondoka kimyakimya, aende kumwambia daktari.

Lakini mzee hakuiachia ile karata. Aliigongagonga kwa kidole, pale kwenye ule upanga wa nyuma ya kichwa, akaguna, akaivuta mpaka ikalala ubavuni mwa mfalme wa uru. Akagonga tena: upanga, shoka. Upanga, shoka. Alikuwa amekasirika. Mama aliijua hasira hiyo. Aliishi nayo tangu ujana. Ilikuwa hasira ya siku ambayo mchapaji fulani alikuja kula nyumbani kwao akatania juu ya mfalme anayejiua, na mwenye nyumba akaweka kijiko chini. Hajiui, alisema mzee siku ile. Zamani alikuwa na shoka, kama mwenzake. Wachoraji wakanakili, na walionakili wakanakiliwa, mpaka kichwa cha shoka kikapotelea ukingoni mwa karata, ukabaki mpini, mtu akaunyoosha ukawa upanga. Na masharubu yake yalipotea njia hiyohiyo. Kosa limekuwa sheria, na mimi nalipwa kulilinda, lakini msiniambie anajiua.

"Nesi! Ngoja!" Mama alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mimi ndiye niliyekosea. Nimemuuliza kwa picha ya watu wengine. Kwake yeye wote wawili wana shoka!"

"Mama," mwanawe alisema kwa upole, "usilazimishe."

"Silazimishi. Nauliza upya. Wewe ndiye utakayezipanga, ili usiseme nimemvuta mkono."

Akamtoa mfalme wa kopa, akamrudisha kwenye bahasha. Mahali pake akaweka malkia mwenye ua. Akaeleza tena kwa ishara: shoka, wanakata. Ua, hawakati, tunakwenda nyumbani, tunakaa naye mpaka mwisho. Hakufumba macho safari hii, maana alitaka malkia naye awe na haki yake. Dereva wa lori akazipanga karata, shoka kushoto, ua kulia.

Mzee alichukua shoka.

"Zibadilishe," mama alisema. "Labda anachukua ya kushoto tu."

Mwana akazibadilisha, ua kushoto, shoka kulia, upande ule ambao mzee siku hizi hata hauangalii vizuri. Mzee alinyoosha mkono juu ya malkia, akaupitisha, akaangaza, akageuza shingo kwa taabu mpaka akampata mfalme wa jicho moja. Akamchukua. Halafu alirudi akamwokota na malkia pia, akampa mkewe mkononi, akaukunja ule mkono kwa vidole vyake mpaka ukafumba.

Dereva wa lori alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye godoro, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa sauti. "Nisamehe, baba. Nilikaribia kukuzika." Mzee akasema, "Ndiyo."

Daktari alikuja. Alielezwa, akaomba aonyeshwe, akaonyeshwa yote tangu mwanzo. Mzee alifanya tena bila kosa, ila sasa kwa uso wa mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kulijibu. Kisha, bila kuulizwa, akainama kadiri alivyoweza na kumlaza mfalme mwenye shoka juu ya mguu wenyewe, kwenye muundi, kidogo tu juu ya pale weusi ulipoishia. Akaipapasa karata ikae sawa. Alikuwa anawaonyesha alama ya kisu.

Daktari aliitazama. Akamtazama mama, akatikisa kichwa. "Hapo hapatapona," alisema kwa sauti ya chini. "Mishipa imekufa mpaka juu. Ni lazima iwe juu ya goti."

Mama alielewa kwamba hilo nalo halitasemwa na mwingine. Aliichukua karata kutoka kwenye muundi. Mzee akamkazia macho. Mama akaipandisha polepole, akalipita goti lile alilolijua, lenye kovu la baiskeli, akailaza kwenye paja. Mkono wake haukuiachia. Kama angeguna, kama angeirudisha chini hata inchi moja, basi angeitia kwenye bahasha na wangekwenda nyumbani; aliapa hivyo moyoni, na moyo ulimuuma alipoapa.

Mzee aliitazama karata pale ilipo. Aliitazama kama alivyokuwa akitazama karatasi nzima kiwandani, pembe hadi pembe. Mkono wa kushoto ukashuka, ukafika pajani, ukamnyoosha mfalme aliyekuwa amekaa upande.

Kisha akauondoa mkono wake, akaiacha hapohapo.