Laini ya Bi Mwamini

Melania, mhasibu mpya wa shule, alikabidhiwa ufunguo wa mlango, kiti ambacho mto wake ulikuwa umebonyea upande mmoja, na kompyuta isiyofunguka. Hayo ndiyo yalikuwa makabidhiano yote. Mtu aliyepaswa kumkabidhi, Mzee Kassimu Gharib, alikuwa amezikwa Ujiji kabla shule haijafunguliwa Januari, na kila neno la siri la shule alikwenda nalo.

Haikuwa shule kubwa. Ilikuwa sekondari ya binafsi pale Katubuka, yenye madarasa yaliyopakwa rangi ya samli na uwanja uliogeuka tope kila mvua iliponyesha. Kwa sababu ya uchache wa watu, Mzee Kassimu alikuwa mhasibu, na tena ndiye aliyewasajili watahiniwa wa kidato cha nne kwenye mfumo wa mitihani, maana namba ya kulipia ada ya mtihani hutoka mlemle. Ofisi ya taaluma humletea majina na picha. Yeye huingiza, hupata namba, hulipa. Miaka yote ilikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kumsogelea begani kutazama anavyofanya.

Sasa usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, basi. Melania aliwaona watahiniwa kila asubuhi wakipita dirishani kwake, sweta zimefungwa viunoni, wakimwamkia kwa adabu ya watu wasiojua lolote. Aliitikia marahaba na kurudisha macho kwenye kile kisanduku cheupe kwenye kioo kilichodai neno ambalo hana.

Alianza na kompyuta. Alimwita Leodgar, fundi wa mtaa wa Mwanga anayetengeneza mashine za nusu ya maofisi ya mji. Leodgar alikuja na flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa kutumia hiyo flashi, akafuta neno la siri la zamani na kuweka jipya. Mashine ikafunguka. Melania alihisi mabega yanashuka kwa mara ya kwanza tangu aripoti kazini.

Yakapanda tena muda huohuo. Kwenye kivinjari, pale Mzee Kassimu alipokuwa amehifadhi maneno yake yote ya siri ili asiyaandike kila siku, palikuwa patupu. Barua pepe ya shule ilidai neno. Mfumo wa mitihani ulidai neno. Leodgar alijikuna kichwa, kisha akasema ukweli, jambo ambalo Melania alimheshimu kwalo. Yale maneno yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo unaotokana na neno la zamani la kompyuta. Mtu akilibadilisha mwenyewe akiwa ndani, ufunguo unabadilika pamoja nalo. Likifutwa kwa nguvu kutoka nje, kama alivyofanya yeye, yaliyohifadhiwa yanabaki humo humo lakini hayasomeki, mpaka lirudishwe lile neno la zamani lenyewe.

"Ningeuliza kwanza, dada," alisema. "Nilijua unataka kompyuta tu."

"Na mimi nilijua hivyo hivyo," Melania akamjibu.

Waliandika barua kwa wahusika wa mitihani, mkuu wa shule akatia saini na muhuri. Jibu lilikuja haraka na kwa upole: kiungo cha kuweka neno jipya kingetumwa kwenye barua pepe ya shule iliyosajiliwa. Yaani ileile isiyofunguka. Nayo barua pepe, Melania alipobonyeza kwamba amesahau, ilikubali kumsaidia kwa sharti moja: itatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu. Ikaonyesha namba, imefichwa yote isipokuwa mwisho wake. Ilikuwa namba ya Mzee Kassimu, namba yake binafsi, ambayo mji mzima uliijua, na ambayo sasa ukiipigia unaambiwa haipatikani.

Benki ilikuwa afadhali. Kule kulihitajika muhtasari wa kikao cha bodi, barua na sampuli za saini mpya, mambo ya karatasi ambayo yangekwenda kwa mwendo wake. Lakini mitihani haikungoja karatasi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Castory, alikuwa mtu mrefu mwenye tabia ya kusimama mlangoni bila kuingia. Alisimama hapo Jumanne akauliza kama mfumo umefunguka. Melania alimweleza mnyororo wote: mfumo unangoja barua pepe, barua pepe inangoja simu, simu ni ya marehemu. Castory alisikiliza, akasema jambo la kompyuta lingekuwa rahisi kama mzee angekuwa muwazi. Kisha akaenda zake.

Kwenye duka la mtandao wa simu, binti wa kaunta alimweleza taratibu. Laini ya marehemu hairudishwi kwa barua ya shule. Atahitajika msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Melania aliuliza hilo huchukua muda gani, na yule binti akamtazama kwa huruma badala ya kujibu. Akaomba namba ya kitambulisho cha marehemu, ambayo Melania aliitoa kwenye faili la ajira. Binti akaiingiza, akakunja uso.

"Mama, hii laini haipo kwenye jina hilo."

"Ipo kwenye jina la nani?"

"Siruhusiwi kusema. Ila hayo makaratasi ya mahakama usihangaike nayo. Mwenye laini siyo huyu."

Melania alitoka nje akasimama chini ya baraza. Mvua ilikuwa imekatika na harufu ya dagaa walioloa ilipanda kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauufikii. Alifikiri kwenda nyumbani Rusimbi, avue viatu, aache Ijumaa ije na ipite. Badala yake alipanda bajaji kwenda Ujiji.

Bi Mwamini, mjane wa Mzee Kassimu, alikuwa kwenye eda. Alimpokea chumba cha ndani, amejifunga nguo isiyo na mapambo, akichambua mchele kwenye ungo. Melania alimwamkia, akampa pole, akakaa mkekani. Alipoeleza kilichomleta, na alichoambiwa dukani, mama yule hakushangaa.

"Ni yangu," alisema. "Vidole vyake havikusoma. Ule mwaka tulioambiwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, alikwenda mara ngapi sijui. Ngozi yake ilikuwa laini kama karatasi aliyoishika maisha yake yote. Mashine inamkataa. Mwisho akanichukua mimi, nikaweka changu."

"Na hiyo laini yenyewe, mama, iko wapi?"

"Niliivunja."

Aliendelea kuchambua.

"Mume wangu alikuwa anaoshwa," akasema Bi Mwamini. "Simu yake ikalia humu ndani. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Nikasema labda ni ndugu zake wa Kagunga hawajapata habari. Nikapokea. Alikuwa mkuu wenu. Ananipa pole, vizuri kabisa, halafu ananiuliza kama marehemu aliacha maneno ya siri. Nikaitoa laini nikaivunja kwa meno."

Melania aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Na usifikiri aliwanyima," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la zamani. "Kila likizo alikuwa anamwambia, mkuu, njoo nikuonyeshe, mimi mtu mzima. Unajua alijibiwa nini? 'Mzee, mimi sitaki kujua. Nikijua, siku kitu kikipotea nitaulizwa mimi.' Akirudi hapa anacheka. Anasema, Mwamini, nimekuwa sanduku. Wananiwekea vitu wanafunga, wanaondoka."

Melania aliijua sauti hiyo ya kutotaka kujua. Alikuwa ameisikia katika kila ofisi aliyofanyia kazi, na siku nyingine ilitoka kinywani mwake.

Alimwambia Bi Mwamini kwamba hana haki ya kumwomba. Ila laini ikirudishwa kwa kidole chake, watoto watasajiliwa. Mama aliweka ungo chini. Alichokiogopa, alisema, si kidole. Aliogopa namba ile kulia tena ndani ya nyumba.

"Mimi sitoki," akasema baadaye. "Lakini mashine inaweza kuingia. Ila mkimaliza, mwanangu, muitoe namba hii huko kwenye mambo yenu. Iwe simu ya kawaida. Nimpigie mwanangu aliye kule Kagunga, nizungumze naye habari za mvua."

Jumatano Melania alimpata Shadia, wakala anayesajili laini chini ya mwavuli karibu na soko, akamlipia bajaji. Shadia alivua viatu mlangoni, akatandaza mashine yake mkekani. Kidole cha kwanza kilikataliwa. Bi Mwamini alikitazama kile kidole kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyemwaibisha. Akanawa vumbi la mchele, akajifuta kwa kanga, akakibonyeza tena. Kikasoma. Laini mpya ikawekwa kwenye simu ndogo ya vitufe ya mama huyo, lakini mtandao haukushika palepale. Shadia alisema hukawia, huenda mpaka jioni, huenda zaidi.

Ulishika alfajiri ya Alhamisi. Bi Mwamini alipiga mwenyewe kumjulisha, na Melania, alipoliona jina la Mzee Kassimu kwenye kioo cha simu yake, alikaa kitandani kidogo kabla ya kupokea.

Leodgar alisisitiza kwamba kazi ifanyiwe kwenye kompyuta ileile ya ofisini, maana barua pepe ile ilikuwa imezoea mashine hiyo na mahali hapo. Wakijaribu kwenye simu ya mtu ingeweza kuwashuku na kuwakatalia. Melania alibonyeza. Kule Ujiji, Bi Mwamini alisoma tarakimu moja moja kwenye simu, polepole, kama anayehesabu tasbihi. Barua pepe ikafunguka. Wakaomba kiungo cha mitihani, kikaja humo. Mfumo ukafunguka. Mwalimu wa taaluma alileta majina, na Melania alikaa kuyaingiza hadi mgongo ukaanza kuuma, kila jina na picha yake, nyuso zikitazama mbele bila kucheka. Namba ya malipo ikatoka. Mchana wa Ijumaa malipo yalionekana.

Castory alikuja kusimama mlangoni. Alimpongeza, akasema shule imepata mtu.

"Ingia, mkuu," Melania alisema.

Aliingia hatua moja. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa barua pepe ya shule, sehemu ya namba za simu. Melania alikuwa ameifuta namba ya Bi Mwamini na kuweka yake, na chini yake namba ya pili. Akabonyeza. Mfukoni mwa Castory simu ikatetemeka.

Akaitoa, akaona tarakimu za uthibitisho, akaelewa.

"Melania, mimi nilisema tangu zamani. Haya mambo nisiyajue."

"Najua ulisema."

"Kitu kikipotea nitaulizwa."

"Tutaulizwa wote wawili," alisema Melania. Hakuwa na hasira. Hakuwa na nguvu ya hasira. "Mimi nina mume nyumbani, mkuu. Siku nikioshwa, sitaki umpigie."

Mwalimu Castory alisimama na simu mkononi. Nje kengele iligongwa, watahiniwa wakapita dirishani wakisukumana. Melania aliweka vidole kwenye vitufe na kungoja. Alikuwa tayari kungoja mpaka ofisi ifungwe.

Mkuu wa shule alivuta kiti cha wageni, akakaa, akavaa miwani, akaanza kusoma tarakimu.