Maoni kwa Binti wa Watu

Niliporudi Isiolo baada ya miaka mingi ya kuandika programu Nairobi, nilikuja na kompyuta mbili, maumivu ya mgongo na imani kwamba mimi ni mtu mpole. Kompyuta moja iliuawa na vumbi kabla ya mvua ya kwanza. Mgongo ninao bado. Ile imani nayo ilipata ajali, na mwenye kuisababisha alikuwa binti mmoja wa mtaa wa Wabera ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyuma na mabati. Tulikuwa watu watatu. Mimi niliitwa mkuu, cheo nilichopewa zaidi na mvi kuliko na mtu yeyote. Mwenzetu wa pili alizunguka Kinna, Garbatulla na kwingineko akiandikisha wafugaji. Wa tatu ni huyo binti, ambaye alikuwa ametoka chuo majuzi. Tulitengeneza programu ya kuwatumia wafugaji meseji za bei za mnadani na siku za chanjo. Mtu aliye mbali na mji akiipata meseji hiyo kwa wakati, haswagi mifugo yake kutwa nzima kumfuata daktari ambaye hakuja.

Tulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Hakuna mtu aliyeingiza mistari yake kwenye programu kuu kabla mwenzake hajaisoma na kuandika maoni pembeni ya mstari wenyewe, mahali ambapo sisi sote tungeyaona. Maoni yale niliamua tuyaandike kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeona Nairobi jinsi Kiingereza cha maoni kinavyosikika kama hati ya mashtaka, nami nikajiambia kwamba lugha yetu ina adabu, itatusaidia.

Ilitusaidia kupita kiasi.

Mabadiliko yake makubwa ya kwanza yalikuwa ya kutuma meseji ya chanjo kwa watu wote wa eneo moja. Niliyasoma asubuhi, chai mkononi. Ilikuwa kazi safi, imepangwa vizuri, na ilikuwa na matundu matatu. Kwanza, nywila ya kampuni inayotupitishia meseji ilikaa wazi ndani ya mistari, kila afunguaye aione. Pili, mtandao ukikatika katikati ya kutuma, programu ilirudi kuanza upya kutoka nambari ya kwanza. Walio juu kwenye orodha wangepokea meseji ileile tena na tena mpaka yule wa mwisho aipate yake. Tatu, meseji yenyewe ilikuwa ikikatwa vipande viwili badala ya kwenda moja, nasi tulilipia kila kipande.

Nikaandika kwa upole wangu wote. Juu ya nywila: "Kazi nzuri sana. Pengine tufikirie kama hii ikae hapa?" Juu ya kurudia: "Sijui unaonaje, mtandao ukikatika, labda watu wa kwanza wanaweza kuipata tena?" Juu ya vipande: "Ujumbe ni mzuri. Labda ni mrefu kidogo?" Nikafunga kompyuta nikijiona mama wa taifa.

Kufikia saa sita alikuwa amejibu yote. Kwenye nywila: "Asante madam. Nimefikiria. Naona ikae." Kwenye kurudia: "Ndiyo, wataipata tena." Kwenye urefu: "Asante sana, nimefurahi umeupenda." Hakuna mstari hata mmoja uliobadilika.

Nilimwonyesha mwenzetu nikitegemea anihurumie. Alisoma, akacheka hadi akaketi.

"Umemuuliza maswali," alisema. "Amekujibu."

"Lakini si anajua nilimaanisha nini?"

"Atajuaje? Hapo umeandika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Basi nikaanza upya. Safari hii kila oni nililipa kichwa: "Lazima" kwa lisilo na mjadala, "Swali" kwa ninachotaka kuelezwa kweli, na "Nimependa" kwa kilichonifurahisha. Niliandika: "Lazima. Ondoa nywila hapa, iwekwe kwenye mipangilio ya seva. Hii ya sasa imeshaonekana, kwa hiyo tutaibadilisha leo. Kuifuta tu hakutoshi, maana nakala za zamani zinaikumbuka." Kisha: "Lazima. Weka alama kwenye kila nambari ambayo kampuni imeshaipokelea meseji. Ukirudia, waendee waliobaki tu. Lakini usianze na kurekebisha. Andika kwanza jaribio linalokata mtandao katikati, ulione likishindwa, ndipo urekebishe." Halafu: "Lazima. Fupisha ujumbe." Na mwisho: "Nimependa. Majina uliyoipa kila kazi yananieleza inafanya nini bila kukuuliza. Wapo watu waliozeeka katika kazi hii ambao hawajajifunza hilo. Hapa uko mbele yao."

Tuliibadilisha nywila jioni hiyo, mimi na yeye, bila maneno mengi. Akachapisha maoni yote kwenye karatasi ayasome nyumbani, maana umeme wa kwao ulikuwa na tabia zake, akaniaga kwa heshima, akaenda.

Kesho yake hakuja. Nilimpigia, simu imezimwa. Nikayasoma maoni yangu tena, na kila "lazima" ikaonekana imenenepa. Kufikia saa nne, kichwani mwangu, nilikuwa nimeshamfukuza kazi kwa maneno, nimemharibia maisha, na nimewarudisha nyuma mabinti wote wa Wabera wanaotaka kusomea kompyuta. Mwenzetu alikuwa Kinna, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Hapo mlango ukagongwa. Aliingia mzee mrefu, mwenye kofia nyeupe na ndevu za hina.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, hajji. Karibu." Mimi ni wa kanisa, lakini hapa kwetu salamu unairudisha jinsi ilivyokujia.

Alikuwa baba yake. Nilimfahamu kwa sura tu, kwa lori zake ziendazo Garbatulla. Aliketi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani kama mtu anayefungua kesi.

"Madam, hii maneno umeandika ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi iko na madereva. Dereva akiharibu gari, namwita kando, nyuma ya lori, tunaongea. Siandiki kwa ukuta watu wote wasome." Akaweka kidole. "Lazima. Hapa tena, lazima. Msichana jana hajakula. Ameangalia hiyo kompyuta tu, hata mamake akimwita hasikii."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba ni kazi inayosahihishwa, si mtu. Kwamba tunaandika wazi ili kosa la mmoja liwafundishe wote, na kwamba ukurasa huo hausomwi na mtu wa nje. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea kusikiliza visingizio vya madereva. Nikamwomba ageuze karatasi.

Aligeuza. Akasoma polepole, kwa sauti, lile oni la mwisho, mpaka "hapa uko mbele yao". Akalisoma tena.

"Hii pia ni wewe?"

"Mimi."

"Sasa mbona umeiweka nyuma?"

Nimehudhuria mafunzo mengi kuhusu uongozi, mengine katika hoteli zenye chai ya bure, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisema tu kwamba nimesikia.

"Na kazi yako wewe," akauliza, "nani anaiandikia lazima?"

"Binti yako."

Nilifungua kompyuta nikamwonyesha maoni ambayo binti yake alikuwa ameniandikia wiki iliyopita: "Madam, hapa umesahau wale wenye nambari zinazoanza na 01. Programu itawakataa wote. Samahani sana." Mzee alisogeza uso karibu na kioo. Kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Amekuandikia samahani."

"Kila mara."

"Mama yake amemlea vizuri," alisema, kana kwamba yeye alikuwa safarini wakati wote wa malezi. Alikunywa kikombe kimoja cha chai, akaiacha karatasi mezani, akashuka.

Binti mwenyewe alifika baada ya adhana ya adhuhuri, mbio, na begi likining'inia bega moja.

"Baba amekuja hapa? Wallahi madam, sikumtuma! Ameokota karatasi mezani, nami nilikuwa nimelala."

"Umekasirika?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimemuuliza kwa Kichina. "Nikasirike kwa nini? Ile ya kwanza ndiyo ilinichanganya. Sikujua unataka nini. Hii ya pili ilikuwa rahisi, nimefanya kazi hadi simu inayonipa mtandao ikaisha chaji." Hakuja asubuhi, alisema, kwa sababu chini yetu walikuwa wakikata mabati wiki nzima na yeye alihitaji utulivu wa kufikiria. Alikuwa amemtumia mwenzetu meseji aniambie, akidhani imefika. Mwenzetu, kama nilivyosema, alikuwa Kinna, na huko mtandao huja ukipenda.

Kwa hiyo huzuni yote ya asubuhi ile niliifanya peke yangu, bila msaada wa mtu.

Akafungua kazi yake. Jaribio aliliandika kama nilivyomwagiza: nambari kadhaa, mtandao unakatika katikati. "Likashindwa vizuri kabisa, madam," alisema kwa fahari. "Yule wa kwanza alipata meseji mara nne. Nimeona aibu nikiwa peke yangu." Kisha akaonyesha marekebisho, na jaribio likapita: kila nambari mara moja.

"Na urefu?"

Hapo alisita. "Hiyo ya urefu sijaifanya. Nimekuandikia sababu."

Nikasoma. Ujumbe haukuwa mrefu, aliandika. Meseji ya kawaida hubeba herufi mia moja na sitini, na huu ulikuwa chini ya hapo kwa mbali. Tatizo lilikuwa kile kialama cha juu kwenye neno ng'ombe. Kilikuwa kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia barua hukiweka zenyewe, nacho hakimo kwenye herufi za kawaida za simu. Kikiwemo kimoja tu, meseji nzima hubadilishwa mfumo na kubaki na nafasi sabini. Alikuwa ameweka mstari wa kukinyoosha kabla ya kutuma. Mwisho akaongeza: "Maneno ya ujumbe niliyanakili kutoka kwenye barua uliyonitumia wewe. Samahani sana."

Nilihesabu herufi mwenyewe, kwa ukaidi tu. Alikuwa sahihi. Nikafuta "lazima" yangu, nikaandika "Imekubaliwa", nikarudi kwenye kazi zangu.

Baada ya muda mfupi alikuja kusimama kando ya meza yangu, uso umemwanguka.

"Madam, nimekosea wapi?"

"Kwani?"

"Umeandika neno moja tu."

Nikafungua tena, nikaandika sentensi tatu juu ya jaribio lile na jinsi alivyonipinga kwa hoja. Safari hii niliziweka juu kabisa.

Wiki iliyofuata tulituma meseji ya chanjo kwa watu wa Garbatulla. Mtandao ulikatika katikati, kama ada yake, ukarudi, na programu ikaendelea na waliobaki. Hakuna aliyeipata mara mbili. Jioni mwenzetu alipiga simu kutoka huko. Mzee mmoja alikuwa amelalamika kwamba meseji ilikuja mara moja tu, na yeye ameifuta kwa bahati mbaya. Yeye alidhani imetoka serikalini, na serikali ikitaka kitu, alisema, hurudia. Tukamtumia nyingine kwa mkono.